Nafasi Nne Katikati ya Tarakimu Ishirini

Jioni moja ya Machi 2024 mdogo wangu alimnunulia mama umeme wa shilingi 10,000 kwa wakala wa Mbeya mjini. Akapokea kikaratasi cha risiti, akakipiga picha, akairusha picha kwenye kundi la familia la WhatsApp, na muda mfupi baadaye simu yake ikaisha chaji. Mama yuko Tukuyu na anatumia kitochi. Picha kwenye kitochi haifiki. Mimi nipo Dar es Salaam, simu yangu inaiona picha, kwa hiyo kazi ya kuzitoa zile namba kwenye picha na kuzigeuza kuwa ujumbe wa kawaida ikawa yangu.

Nilidhani ni kazi ya dakika mbili. Ilichukua karibu saa nzima, mama akiwa amekaa gizani na tochi, na uniti zake zimeshalipiwa. Namba nitakazozitaja hapa nimezibadilisha, lakini makosa yote ni yale yale niliyoyafanya, na nimekuja kugundua kuwa hufanywa na watu wengi wanaonakili tokeni za LUKU kutoka kwenye picha.

Ujumbe wa kwanza niliomtumia ulikuwa hivi: 0613335277149062581. Niliziandika zote zimeshikana, maana nilijua mita haihitaji nafasi; unabonyeza tarakimu mfululizo. Mama akaingiza. Ikakataa. Akarudia taratibu, ikakataa tena.

"Mama, naomba unisomee ulichoingiza."

"Sifuri, sita, moja, tatu, tatu... ngoja mwanangu. Tatu ziko mbili au tatu hapa?"

Akaanza upya, akapotea palepale. Mimi nami, nikiwa na picha upande mmoja na ujumbe wangu upande mwingine, sikuweza kumwambia aangalie wapi, kwa sababu mstari wa tarakimu zilizoshikana hauna mahali pa kunyooshea kidole. Huwezi kumwambia mtu aitazame tarakimu ya kumi na nne bila kumlazimisha ahesabu kuanzia mwanzo, na kila anayehesabu kwa macho kwenye kioo kidogo hukosea.

Ndipo nikarudi kwenye risiti nikaona kitu nilichokuwa nimekitupa. Pale namba zilikuwa zimepangwa katika makundi matano, kila kundi tarakimu nne, na nafasi tupu nne zikiyatenganisha. Nikaandika upya nikifuata mpangilio ule ule, na kosa likajionyesha lenyewe kabla hata sijatuma. Kundi la nne nilikuwa nimeliandika 906. Kwenye karatasi lilikuwa 9006. Sifuri mbili zilizofuatana nilikuwa nimezifanya moja, na tokeni nzima ikabaki na tarakimu kumi na tisa.

Hilo ndilo kosa la kwanza kwa wingi, na ni rahisi kulielewa. Jicho likikutana na tarakimu zinazojirudia, huona umbo moja na mkono huandika mara moja. Makundi ya nne nne yanalifichua papo hapo, kwa kuwa kundi la tatu tatu linaonekana fupi hata kwa mtu asiyesoma tarakimu zenyewe. Ndiyo maana ninasema nafasi zile ni sehemu ya namba kwa yule anayenakili, ingawa mita yenyewe haizitaki. Zikiwa zimechapwa kwa nafasi, andika kwa nafasi. Zikiwa zimechapwa kwa vistari, kama inavyoonekana mara nyingi kwenye ujumbe wa tokeni za Kenya, weka vistari. Usizipange upya tano tano au tatu tatu kwa sababu unaona ni rahisi kwako, maana mwenye karatasi na mwenye ujumbe wakipigiana simu kulinganisha, kila mmoja atakuwa anataja kundi la tatu lake.

Wakati wa kusomeana kwa simu kuna hatari mbili zilizo ndani ya Kiswahili chetu. Ya kwanza ni "nne" na "nane". Kwenye laini yenye mikwaruzo maneno hayo mawili hayatofautiani, na nimeona watu wenye akili timamu wakibishana juu yake. Sema "nane, ile baada ya saba" au "nne, ile baada ya tatu". Ya pili ni tabia ya kusema "tatu mbili" ukimaanisha 33. Msikilizaji anaandika 32, na hana kosa, kwa sababu ndicho ulichosema. Soma kila tarakimu peke yake, maliza kundi, nyamaza, msubiri mwenzako alirudie, ndipo uendelee.

Nikamtumia mama ujumbe wa pili: 0613 3352 7714 9006 2581. Makundi matano, tarakimu ishirini. Akaingiza. Ikakataa.

Hapa inafaa kueleza mita inafanya nini inapokataa, kwa sababu watu wengi hudhani inalinganisha namba uliyoingiza na orodha iliyo mahali fulani. Mita nyingi za kulipia kabla katika nchi zetu hufuata utaratibu uitwao STS, uliozaliwa Afrika Kusini na sasa ni kiwango cha kimataifa, IEC 62055-41. Kwa utaratibu huo mita haihitaji mtandao wala laini ya simu. Kila kitu kimo ndani ya tarakimu zile ishirini: kiasi cha umeme, muda tokeni ilipotengenezwa, na alama ya ukaguzi. Vyote hivyo vimefungwa kwa ufunguo wa siri unaotokana na namba ya mita yako pamoja na mambo mengine machache. Ukiingiza tarakimu, mita inazifungua kwa ufunguo wake, kisha inatazama kama alama ya ukaguzi inakubaliana na yaliyomo. Ukikosea tarakimu moja tu, kinachofunguliwa ni vurugu tupu, alama haikubali, na mita inakataa.

Mambo mawili yanafuata hapo. Kwanza, mita haiwezi kukuambia umekosea wapi. Kosa la tarakimu moja na kosa la tarakimu kumi kwake ni kitu kimoja. Kazi ya kutafuta kosa ni ya mtu, na mtu ana karatasi tu. Pili, tokeni iliyonakiliwa kwa usahihi kabisa itakataliwa kama ni ya mita nyingine, kwa kuwa ufunguo hautafanana. Mwenye nyumba aliyenunulia mita tatu siku moja akituma tokeni bila namba ya mita, wapangaji wake wanaweza kuingiza namba sahihi katika mita zisizo zao na kuamini wameibiwa. Kwa hiyo namba ya mita isiachwe kwenye picha. Iandikwe juu ya tokeni, katika ujumbe ule ule.

Tokeni yenyewe haikupi njia nyingi za kuikagua kwa macho. Unaweza kuhesabu tarakimu ziwe ishirini. Unaweza pia kutazama ile ya kwanza kabisa: namba kubwa kuliko zote ambayo utaratibu wa STS unaweza kuitengeneza huanza na 7, kwa hiyo ukiona umeandika tokeni inayoanza na 8 au 9, umesoma vibaya au umechukua namba nyingine ya risiti, kama ile ya muamala. Na ikianza na 0, sifuri hiyo ni tarakimu halali, lazima iandikwe na lazima ibonyezwe. Zaidi ya hapo hakuna hesabu ya mkono itakayokusaidia, maana alama ya ukaguzi imefungwa ndani.

Namba ya mita ni tofauti, na hii ni zawadi ambayo watu wachache wanaijua. Tarakimu yake ya mwisho imewekwa kwa ajili ya ukaguzi, na hesabu yake anaiweza mtoto wa darasa la tano. Chukua mita ya mfano wetu, 99001735846. Anzia kulia. Ya mwisho, 6, iache kama ilivyo. Inayofuata, 4, izidishe kwa mbili. Iache inayofuata, zidisha inayofuata, hivyo hivyo hadi mwanzo. Jibu la kuzidisha likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe zenyewe. Basi zinazozidishwa ni 4, 5, 7, 0 na 9, nazo zinatoa 8, 1, 5, 0 na 9, jumla 23. Zilizoachwa ni 6, 8, 3, 1, 0 na 9, jumla 27. Ukiunganisha unapata 50. Jumla ikiishia na sifuri, namba imenakiliwa vizuri. Kama ningesoma ile 3 kuwa 8, jumla ingekuwa 55, na ningejua hapo hapo. Hesabu hii inakamata kosa lolote la tarakimu moja, na karibu kila kosa la kupindua mbili zinazofuatana, isipokuwa 09 na 90 zikibadilishana nafasi.

Sasa turudi Tukuyu, kwa mama na tochi yake. Nikakuza picha. Mdogo wangu alikuwa amekunja karatasi mara mbili kabla ya kuipiga picha, na mkunjo mmoja ulipita juu ya kundi la kwanza. Risiti hizi huchapwa kwa joto, bila wino. Karatasi ina dawa inayogeuka nyeusi inapoguswa na kichwa cha mashine chenye moto. Ndiyo maana zinafifia mfukoni, kwenye dashibodi ya gari, au zikikaa karibu na jiko, na ndiyo maana dawa hupukutika pale karatasi inapokunjwa. Juu ya mkunjo, tarakimu niliyoisoma 3 ilikuwa na upande wa kulia mzito na upande wa kushoto mweupe. Inaweza kuwa 3. Inaweza kuwa 8 iliyoliwa ubavu.

Ningeweza kukisia. Kwa tarakimu moja yenye sura mbili, kukisia ni majaribio mawili tu. Lakini zikiwa mbili zenye utata majaribio yanakuwa manne, zikiwa tatu yanakuwa manane, na ziko mita ambazo zikilishwa namba mbaya mara kadhaa mfululizo hufunga mlango kwa muda na kukataa hata tokeni nzuri. Nilitaka kujua, siyo kubahatisha.

Jibu lilikuwa kwenye karatasi ile ile, kwenye mstari wa namba ya mita. Namba hiyo sihitaji kuisoma kwenye picha, kwa sababu imeandikwa kwenye mita ukutani kwa mama na mimi nimeihifadhi. Najua ina 3 katika sehemu ya 1735, na ina 8 katika sehemu ya 5846. Kwa hiyo mashine ile ile, siku ile ile, kwenye karatasi ile ile, ilikuwa imenichapia mfano wa 3 yake na mfano wa 8 yake. Nikaziangalia kwa karibu. 3 ya mashine hiyo ilikuwa na kichwa bapa na kona kali juu kulia. 8 ilikuwa na mabega ya mviringo. Nikarudi kwenye mkunjo: juu kulia pale palikuwa na mviringo. Ni 8. Kundi la kwanza ni 0618.

Njia hii hutumika kwa kila jozi inayosumbua: 1 na 7, 5 na 6, 0 na 8. Tafuta tarakimu hiyo mahali unapoijua kwa uhakika, kwenye namba ya mita, kwenye tarehe, kwenye kiasi kilicholipwa, kisha linganisha maumbo. Na pale inaposhindikana kabisa, andika alama ya kuuliza mahali pa tarakimu hiyo, 061?, na umwambie mpokeaji wazi kuwa haisomeki. Tarakimu iliyobuniwa na kuandikwa kwa ujasiri ni mbaya kuliko pengo, kwa sababu anayepokea hana namna ya kuishuku. Mwenye pengo anaweza kupiga simu, picha ikapigwa upya karatasi ikiwa imenyooshwa juu ya meza karibu na dirisha, au wakala akaombwa kutafuta muamala tena kwa kutumia namba ya mita, tarehe na kiasi.

Kilichobaki ni uniti, na hapa nilikuwa mwangalifu tangu mwanzo, kwa sababu nukta ya desimali ni kitu kidogo kuliko vyote kwenye karatasi hiyo na ndicho cha kwanza kufifia. Kwenye picha palionekana 28 1KWH, na katikati kivuli. Ni 28.1 au 281? Risiti inajieleza yenyewe ukiisoma yote. Kati ya shilingi 10,000, gharama ya umeme iliandikwa 8,196.72, kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18 ikawa 1,475.41, EWURA asilimia 1 ikawa 81.97, na REA asilimia 3 ikawa 245.90. Zijumlishe, zinarudi 10,000 kamili. Mama yuko kwenye kundi la T1, ambalo bei yake wakati huo ilikuwa shilingi 292 kwa uniti. Gawanya 8,196.72 kwa 292 unapata 28.07, na kwa kuwa tokeni hubeba umeme kwa sehemu za kumi za uniti, inachapwa 28.1. Haiwezi kuwa 281.

Mwezi ambao kodi ya jengo inakatwa, uniti hupungua kwa fedha ile ile, na hapo ndipo mtu anayenakili kwa mazoea hukosea: anakumbuka elfu kumi ni 28.1, anaandika 28.1, bila kutazama kilichochapwa. Kwa makato ya shilingi 1,500 mama angepata kama uniti 23.9 tu. Andika kilichopo kwenye karatasi hii, ya leo.

Ujumbe wa tatu ukawa na mistari mitatu:

MITA 99001735846
0618 3352 7714 9006 2581
UNITI 28.1

Mama akaingiza kundi moja moja, akipumzika kwenye kila nafasi. Mita ikapokea. Nikamwomba asome kiasi kilichoongezwa. "Ishirini na nane nukta moja," akasema, na hapo nikajua kwamba umeme ulioingia ndio uliolipiwa. Hiyo ndiyo kazi ya mstari wa tatu. Mtu akisema tu "imekubali", hujathibitisha kiasi. Akikusomea uniti na zikalingana na zilizochapwa, umemaliza.

Wapo wasomaji ambao hawanakili kwa ajili ya ujumbe mmoja, bali wanaweka kumbukumbu za mita za wapangaji au za ofisi kwenye Excel, na kwao nafasi zile zina faida nyingine. Ukiingiza tokeni yetu ikiwa imeshikana, Excel inaichukulia kuwa namba ya hesabu. Sifuri ya mwanzo inafutwa, kwenye kisanduku inaonekana 6.18335E+18, na kwa kuwa programu hiyo huhifadhi tarakimu 15 tu za maana, kinachobaki ndani ni 6183352771490060000. Kundi lote la mwisho, 2581, limegeuka sifuri, na hairudi hata ukibadilisha mpangilio wa kisanduku baadaye. Ukiiandika kwa makundi yake, nafasi zinaifanya isomwe kama maandishi, na inabaki ilivyo. Vinginevyo badilisha safu iwe ya maandishi kabla hujaanza kuingiza.

Miezi michache baada ya jioni ile, mwaka huo huo wa 2024, wateja wa LUKU walianza kupokea risiti zenye mistari mitatu ya tarakimu ishirini ishirini. Saa ya mita za STS ilikuwa ikihesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, kwa hiyo kila mita ilihitaji kubadilishiwa ufunguo. Mistari miwili ya kwanza ilikuwa ya kubadilisha ufunguo, na wa tatu ndio uliokuwa na umeme. Aliyenakili tarakimu zote sitini kwa mkupuo alimpa mpokeaji fumbo. Aliyeiga karatasi, mstari kwa mstari na kundi kwa kundi, akaandika 1, 2 na 3 pembeni, alimpa mpokeaji maelekezo kamili. Risiti za namna hiyo bado zinaweza kukufikia mita inapobadilishiwa ufunguo, na mistari yake huingizwa kwa mpangilio uliochapwa.

Ukitumiwa picha ya risiti ya umeme na kuombwa uiandike, omba kwanza karatasi inyooshwe ipigwe picha yote, kuanzia namba ya mita hadi jumla ya fedha. Na picha hiyo usiifute mpaka aliye mbele ya mita akusomee uniti.